Oda za siku za karibuni zinapoonekana chache: dalili, sababu na ukaguzi wa ripoti ya matangazo

Malalamiko ninayoyapokea mara nyingi kutoka kwa wenye maduka wa Mombasa wanaotangaza kupitia Google Ads huja Jumatatu asubuhi, na huwa na sura moja: wiki ilianza vizuri, lakini tangu Alhamisi matangazo yamekufa, na fedha zinaliwa bure. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Mtu huyo akiiacha kampeni kama ilivyo, kisha akaifungua ripoti ya wiki ile ile baada ya siku kumi na nne, atakuta oda zimeongezeka katika tarehe zile zile alizozililia.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa namna watu wanavyozieleza, na chini ya kila dalili sababu zimeanza na ile inayotokea sana. Nitatumia duka moja la samani la Kongowea kuwa mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hesabu zake nimezisawazisha ili zifuatike kwa urahisi. Duka hilo hutumia shilingi 6,000 kwa siku kwenye matangazo, na likiangaliwa kwa utulivu hupata oda nne kwa siku, yaani kila oda hugharimu matangazo ya shilingi 1,500. Oda huhesabiwa mteja anapolipa arbuni, na hiyo ndiyo konvesheni tutakayoizungumzia, ile inayosomeka `Conversions` kwenye skrini.

Dalili ya kwanza: mstari wa oda unateremka kadiri unavyoikaribia leo

Huu ndio mteremko unaowaogopesha wengi. Katika duka letu la mfano, Jumatatu asubuhi ripoti ya siku saba zilizopita ilionyesha oda 3 kwa kila siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, 2 Ijumaa, 2 Jumamosi na 1 Jumapili. Jumla ni 17. Fedha zilizotumika ni shilingi 42,000, kwa hiyo kila oda ilionekana kugharimu shilingi 2,470, jambo ambalo lingemfanya mwenye duka yeyote ashike kichwa.

Sababu ya kwanza, na ambayo nimeikuta mara nyingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa, ni kwamba safu ya `Conversions` huiandika oda katika tarehe ambayo mteja alilibofya tangazo, wala si tarehe aliyolipa. Chukua mteja wa Mtwapa aliyebofya tangazo la kitanda Jumanne tarehe 4. Jioni alimwonyesha mwenzake picha, Jumamosi akapima chumba, Jumatano tarehe 12 mshahara ukaingia na akatuma arbuni kwa M-Pesa kupitia tovuti. Ripoti iliyofunguliwa tarehe 5 haikuwa na oda hiyo kabisa. Ripoti iliyofunguliwa tarehe 13 inayo, lakini imerudishwa nyuma hadi tarehe 4. Gharama ya mbofyo wake, kwa upande mwingine, ilikatwa na kuandikwa siku ile ile ya kwanza. Hivyo gharama huingia ripotini mara moja na kwa ukamilifu, ilhali oda huingia kidogo kidogo, na siku changa hubeba mzigo wote wa gharama na sehemu tu ya oda zake.

Urefu wa kungoja huko hutegemea kinachouzwa. Anayetangaza chakula cha kuletwa nyumbani hataona mteremko wowote, kwa sababu mwenye njaa halali na uamuzi. Anayeuza makochi ataona mteremko kila wiki ya maisha yake ya kutangaza. Mfumo huendelea kuihesabu oda mradi tu haijapita muda uliowekwa baada ya mbofyo, ambao kwa kawaida huanzia siku 30 na unaweza kurefushwa hadi 90 katika mipangilio, mahali panaposomeka `Click-through conversion window`.

Ukaguzi wa kwanza huchukua dakika mbili. Ongeza kwenye jedwali safu iitwayo `Conversions (by conv. time)`, ambayo huziandika oda zile zile katika siku zilipolipiwa. Ikiwa safu ya kawaida inateremka lakini hii ya pili imelala sawa, siku zote saba, basi oda zinaendelea kuingia dukani kama kawaida na unachokiona ni uchelewaji. Ikiwa zote mbili zimeanguka, ruka hadi dalili ya tano.

Nitie tahadhari hapa, kwa sababu nimewaona watu wakiifurahia safu ya pili kiasi cha kuitupa ya kwanza. Oda zilizolipiwa Jumapili zimetokana na mibofyo ya Jumapili yenyewe, ya wiki iliyopita, na mingine ya mwezi uliopita. Ukizigawanya gharama za Jumapili kwa oda hizo, unagawanya fedha za leo kwa jasho la jana. Safu hiyo ni nzuri kwa kujua kama duka linapumua, na ni mbaya kwa kupima bei ya oda, hasa bajeti inapobadilika.

Ukaguzi wa pili ni kujua mteremko wako wa kawaida una umbo gani. Kwenye jedwali la kampeni, chagua `Segment`, kisha `Conversions`, kisha `Days to conversion`. Utaona oda zimegawanywa kwa idadi ya siku kati ya mbofyo na malipo. Hapa kuna mtego ambao huwanasa hata watu wazoefu: usichague siku za karibuni. Mbofyo wa juzi hauwezi kuwa na oda iliyochelewa siku kumi, kwa kuwa siku kumi hazijapita, na kwa hiyo siku changa zitakuambia kwamba wateja wako huamua haraka kuliko ukweli ulivyo. Chagua kipindi ambacho siku yake ya mwisho imekwisha kupita kwa muda wote wa kuhesabiwa. Kama muda huo ni siku 30, chagua miezi miwili au mitatu iliyoishia zaidi ya siku 30 zilizopita.

Duka letu lilitoa picha hii. Asilimia 35 ya oda hulipiwa kabla siku moja haijatimia baada ya mbofyo. Siku moja baadaye zimefika asilimia 50, kisha 60, 65, 70, 75, na kufikia siku ya sita ni 80. Siku ya kumi na nne zimefika 95, na tano zilizobaki hujikokota hadi mwisho wa mwezi.

Sasa irudie ile ripoti ya Jumatatu asubuhi. Mibofyo ya Jumapili ilikuwa bado haijatimiza siku, kwa hiyo ilikuwa imeonyesha takriban asilimia 35 ya oda zake. Jumamosi 50, Ijumaa 60, Alhamisi 65, Jumatano 70, Jumanne 75 na Jumatatu 80. Matumizi yalikuwa sawa kila siku, hivyo tunaweza kuchukua wastani wa asilimia hizo saba, nao ni 62. Oda 17 zilizoonekana, zikigawanywa kwa 0.62, zinatupa 27 na ushee, na wiki ya kawaida ya duka hili ni oda 28. Hakukuwa na anguko lolote. Gharama inayotarajiwa kwa oda, baada ya wiki hiyo kukomaa, ni kama shilingi 1,530, wala si 2,470.

Hesabu hii ina mipaka miwili ambayo ni lazima iheshimiwe. Kwanza, usiifanye kwa siku moja moja. Jumapili ilikuwa na oda 1. Ukiigawanya kwa 0.35 utapata karibu 3, lakini kama mteja mmoja tu angelipa jioni ile badala ya asubuhi yake, ungepata karibu 6. Kipimo kinachoyumba kati ya 3 na 6 kwa sababu ya mtu mmoja hakifai kuamulia bajeti. Kusanya siku, na afadhali uiache nje siku yoyote ambayo haijafika nusu. Pili, mteremko hubadilika kwa majira. Kabla ya Idi watu hununua makochi na mazulia wakiwa na tarehe vichwani, na kuamua kwao huwa kwa haraka. Januari, ada za shule zikiwa zimebana, mtu hubofya, hupenda, na kungoja. Asilimia ulizozipata katika majira ya Idi zitakudanganya ukizitumia Januari.

Dalili ya pili: ulinganisho na wiki iliyopita ni mwekundu kila mara

Anayelinganisha siku saba zilizopita na saba zilizotangulia ataona alama ya kushuka wiki hii, na ijayo, na ile ya baadaye, hata kama biashara imesimama palepale. Sababu ni ile ile, ila hapa imejificha: wiki moja ni changa na nyingine imekwisha kuvuna sehemu kubwa ya oda zake. Kwa asilimia za duka letu, wiki changa iko kwenye 62 na iliyoitangulia imekaribia 90, kwa hiyo ripoti itatangaza kushuka kwa karibu theluthi moja katika wiki mbili zilizo sawa kabisa.

Marekebisho rahisi ni kusogeza kipimo nyuma. Tafuta siku ambayo mteremko wako unafika asilimia 90 au 95, na uzikate siku hizo kutoka mwisho wa ripoti. Kwa duka hili ni siku 14, basi ripoti ya kupimia bei ya oda huishia siku 14 zilizopita. Sioni haja ya kungoja siku zote 30 kwa ajili ya asilimia tano za mwisho, isipokuwa kwa anayeuza vitu vya bei kubwa ambaye oda hizo chache za mwisho ndizo zenye fedha.

Marekebisho ya pili ni ya zamani na ndiyo ninayoyaamini zaidi: daftari. Ripoti haikumbuki ilichokuonyesha Jumatatu iliyopita. Ukiifungua leo, wiki ile imekwisha kukomaa, na namba changa ulizoziona zimefutika. Kwa hiyo kila Jumatatu, saa ile ile, andika mistari miwili: gharama na oda za siku saba zilizopita kama zinavyosomeka wakati huo. Baada ya wiki nne au tano utaweza kulinganisha wiki changa na wiki nyingine iliyokuwa changa vilevile. Kama daftari linaonyesha 17, 18, 16, 17, basi 17 ya leo ni hali ya kawaida. Kama linaonyesha 17, 18, 16, na leo ni 9, una jambo la kuchunguza leo leo, bila kungoja siku 14.

Dalili ya tatu: nilibadilisha kitu, na siku ya pili gharama ya oda ikapanda

Hapa ndipo fedha hupotea kweli, kwa sababu mtu hufanya uamuzi juu ya siku changa, kisha hufanya uamuzi wa pili juu ya matokeo machanga ya uamuzi wa kwanza.

Mwenye duka letu alipandisha bajeti Alhamisi moja, kutoka 6,000 hadi 10,000 kwa siku. Jumatatu aliona siku nne, shilingi 40,000, oda 13. Alinipigia simu akiwa na hesabu yake tayari: "Mwanangu, oda moja sasa ni shilingi elfu tatu na zaidi. Nairudisha bajeti chini." Nilimwomba angoje wiki mbili, naye akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na akaishusha.

Siku nne hizo, kutoka Alhamisi hadi Jumapili, zilikuwa zimeonyesha wastani wa asilimia 52.5 ya oda zake. Kumi na tatu kwa 0.525 ni kama 25, na shilingi 40,000 kwa oda 25 ni 1,600. Lakini tusijidanganye kwa upande wa pili pia: kwa oda chache namna hiyo, tatu zaidi au tatu pungufu ni bahati tu. Kama zingekuwa 10, hesabu ingetoa shilingi 2,100. Kama zingekuwa 16, ingetoa 1,310. Jibu la uaminifu Jumatatu ile lilikuwa kwamba bado haijulikani. Baada ya mwezi, siku zile nne ziliishia na oda 24, yaani shilingi 1,667 kila moja. Gharama ilipanda kwa kiasi, kama inavyotarajiwa bajeti inapopanuka na kuwafikia watu wenye hamu ndogo zaidi, na kama faida ya kitanda kimoja inaruhusu tofauti hiyo ya shilingi 167 ndilo lililokuwa swali la kujadiliwa. Swali hilo halikuwahi kujadiliwa, kwa sababu bajeti ilikuwa imekwisha kushushwa.

Sababu nyingine ya dalili hii, isiyotokea sana, ni kwamba kampeni inatumia mkakati wa zabuni unaojiendesha, kama ule wenye `Target CPA`, yaani gharama ya oda unayoilenga, na mabadiliko yako yameufanya ujipange upya. Mkakati huo huuzingatia uchelewaji wenyewe, haudhani kwamba siku changa zimekamilika. Binadamu ndiye anayedhani hivyo. Ukiona gharama imepanda ukaishusha `Target CPA`, unauagiza mfumo uwe mgumu zaidi katika kununua mibofyo, mibofyo inapungua, wiki mbili baadaye oda zinapungua kweli, na unaamini uliona mbali. Fungua ripoti ya mkakati wa zabuni. Mara nyingi huonyesha muda wa kawaida wa wateja wako kulipa, na huzitia alama siku za karibuni ambazo bado zinangojewa.

Basi mtu afanye nini katika siku hizo za kungoja? Aangalie vitu visivyochelewa. Mibofyo, bei ya mbofyo, idadi ya waliofika kwenye ukurasa wa malipo, na waliogusa kitufe cha WhatsApp, vyote huonekana siku ile ile au ya pili. Ikiwa kabla ya mabadiliko watu 12 katika kila mia waliobofya walikuwa wakifika kwenye ukurasa wa malipo, na baada ya mabadiliko ni 11 au 12, hakuna dalili mbaya. Ikiwa wamekuwa 4, huna haja ya kusubiri oda. Umeleta watu wasiofaa, au ukurasa una kasoro.

Dalili ya nne: daftari la duka lina oda nyingi kuliko ripoti, hata kwa siku zilizokomaa

Sababu inayoongoza hapa Mombasa ni kwamba mteja hulipia dukani. Ameona tangazo, amevuka feri kutoka Likoni ili akakalie kochi kwa macho yake mwenyewe, na amelipa kwenye kaunta. Oda kama hiyo haifiki kwenye ripoti mpaka mtu aipandishe kwenye akaunti kwa faili, na karani wa duka huzipandisha zote Ijumaa, akikumbuka. Kwa hiyo kuna uchelewaji wa pili juu ya ule wa mteja, na huu una ubaya wa kutoonekana: `Days to conversion` hupima kutoka mbofyo hadi saa ya malipo iliyoandikwa kwenye faili, bila kujali faili lilipandishwa lini. Mteja aliyelipa Jumamosi baada ya siku moja ya kufikiri atahesabiwa kuwa alichelewa siku moja, ingawa ripoti ilimjua Ijumaa iliyofuata. Ndiyo maana ninaliamini daftari kuliko jedwali: daftari hunasa uchelewaji wote wawili bila kujua majina yao.

Ukaguzi ni kumuuliza karani hupandisha faili siku gani, na kulitazama faili lenyewe. Linapaswa kuanza hivi:

```
Parameters:TimeZone=Africa/Nairobi
Google Click ID,Conversion Name,Conversion Time,Conversion Value,Conversion Currency
```

Mstari wa kwanza ukiwa na majira ya nchi nyingine, saa za malipo husogea, na oda ambayo saa yake imeonekana kuwa kabla ya mbofyo hukataliwa. Kupandisha kila siku badala ya kila Ijumaa huufupisha mteremko kwa kiasi ambacho hakuna tangazo jipya linaloweza kukifikia, na hakugharimu chochote isipokuwa dakika kumi za karani. Oda inayopandishwa ikiwa imepita siku 90 tangu mbofyo wake haikubaliwi tena.

Sababu ya pili ni ndogo: akaunti ilifunguliwa kwa majira yasiyo ya hapa, na oda za usiku wa manane zinaangukia siku ya jirani. Hili hukosesha raha mtu anayelinganisha siku kwa siku, lakini kwa wiki nzima halibadilishi jambo. Sababu ya tatu ni kwamba oda hazikutokana na matangazo kamwe. Waliopita barabarani wakaingia ndani hawana mbofyo, na ripoti haitawahi kuwajua.

Simama hapa ikiwa unataka kupandisha namba za simu za wateja badala ya kitambulisho cha mbofyo, ile `Google Click ID` ya kwenye faili. Namba za simu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, zinahitaji msingi wa kisheria kabla ya kutumika hivyo, na hugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka kwa njia ya SHA-256 kabla ya kutumwa. Mpe kazi hiyo fundi anayeijua, na kamwe usimtumie orodha ya wateja kwa WhatsApp.

Dalili ya tano: oda zimekatika, wala hazikuteremka

Uchelewaji una umbo linalotambulika. Huteremka kama ngazi, siku changa kabisa ikiwa chini kuliko zote, na safu ya `Conversions (by conv. time)` haiufuati. Kasoro ya kweli hukatika kama ukuta: hadi saa fulani ya siku fulani oda zilikuwapo, baada yake hakuna hata moja, na safu zote mbili zinasema hivyo. Hapo kungoja wiki mbili ni kosa kubwa kuliko kukurupuka.

Anza na lililo rahisi: weka oda ndogo mwenyewe kwa simu yako, ukilipa hadi mwisho, uone kama ukurasa wa shukrani unafunguka. Mara nyingi nilizolishughulikia tatizo hili, kilichovunjika ni malipo, kipimo kilikuwa kizima, na wateja walikuwa wakikwama mahali pale pale. Ikiwa malipo yanapita, fungua orodha ya konvesheni kwenye akaunti uisome hali yake. Maneno `No recent conversions` kwenye konvesheni iliyokuwa na oda kila siku yanatosha kukupa wasiwasi. Kisha muulize aliyeigusa tovuti mara ya mwisho alibadilisha nini. Ukurasa wa shukrani uliopewa anwani mpya, au mwonekano mpya wa tovuti uliosahau msimbo wa kipimo, ndiyo majibu ya kawaida.

Usiuhariri msimbo wa kipimo au wa malipo wewe mwenyewe ikiwa si kazi yako. Anayeubandika mara mbili huzihesabu oda mara mbili, na kosa hilo ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linafurahisha, na hakuna anayelalamikia namba nzuri. Muite fundi wa tovuti, umpe saa ambayo oda zilikatika, umpe na jibu la oda yako ya majaribio.

Kipimo kikishatengenezwa, mwenye mkakati wa zabuni unaojiendesha ana kazi moja zaidi, nayo ni kuuambia mfumo usijifunze kutoka siku zile za giza. Chombo chake kinaitwa `Data exclusions`, na tarehe zinazoombwa ni za mibofyo. Kama kipimo kilikuwa kimevunjika Jumatano na Alhamisi, mibofyo ya Jumatatu na Jumanne ambayo wateja wake wangelipa Jumatano nayo imepoteza oda zake, kwa hiyo kipindi cha kutengwa huanza siku kadhaa kabla ya uharibifu, kulingana na mteremko wa duka. Kwa duka letu, ambalo nusu ya oda hulipiwa kufikia siku moja baada ya mbofyo, tulitenga kuanzia Jumatatu. Chombo hicho kimekusudiwa kipimo kilichovunjika tu. Nilimkuta mtu mmoja ameyatenga mwisho wa juma yote ya mwezi kwa sababu oda za Jumamosi na Jumapili zilikuwa zikionekana chache kila Jumatatu, na ilichukua muda kumwonyesha kwamba alikuwa ameufundisha mfumo kusahau siku ambazo, zikishakomaa, ndizo zilizokuwa zikimpa wateja wengi zaidi.